Mteja Asipige Hesabu Mwenyewe: Kuandika Upya Maelezo ya Kifurushi

Kazi yangu kubwa ni kusahihisha maelezo ya bidhaa za watu wengine. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi kwenye ofa za vifurushi si la lugha. Muuzaji ameshapunguza bei kweli, ameumia kwenye faida yake, halafu ameandika maelezo ambayo hayaonyeshi hilo punguzo popote. Mteja anaona bei moja kubwa mahali alipozoea kuona bei ndogo, naye anaondoka.

Tutachukua kifurushi kimoja na kukishughulikia mpaka mwisho. Ni seti ya kurekodia video kwa simu, yenye vitu vinne: stendi, taa ya duara, maikrofoni ya kubana kwenye kola, na kebo ya kuchajia. Jina la sarafu nimeliacha makusudi ili uweke la kwako. Maelezo yalikuwa hivi:

> SETI KAMILI YA KUREKODI VIDEO! Jipatie kila unachohitaji kwa bei isiyo na mpinzani. Seti ina stendi imara, taa ya duara, maikrofoni ya kubana kwenye kola na kebo ya kuchajia. Vitu vinne vyenye thamani kubwa kwa 88 tu. Hifadhi hadi 25%! Wahi sasa.

Soma tena ukiwa mnunuzi. Ukitaka kujua unaokoa kiasi gani, itabidi utoke hapo, ufungue kurasa nne za vitu hivyo, uandike bei mahali, ujumlishe, kisha urudi utoe 88. Wachache mno watafanya hivyo, na hao wachache watagundua kwamba ile asilimia 25 si sahihi. Tutaifikia.

Hatua ya 1: Kusanya bei ya kila kitu kama kinavyouzwa leo

Kabla ya kugusa sentensi yoyote, fungua ukurasa wa kila kitu na uandike bei unayoiona hapo, kwa macho yako, siku hiyohiyo. Usiandike bei unayoikumbuka, wala ile iliyochapishwa na kiwanda kwenye boksi. Kwa seti yetu tunapata stendi 40, taa 35, maikrofoni 25 na kebo 10.

Ukiwa hapo, hakikisha kitu kilichomo kwenye kifurushi ndicho hichohicho kinachouzwa peke yake. Kosa hili hujificha vizuri. Kebo ya kwenye seti inaweza kuwa ya mita moja, ilhali ile yenye bei ya 10 ni ya mita mbili. Taa ya kwenye seti inaweza kuwa ndogo kuliko inayouzwa 35. Ukilinganisha vitu visivyo sawa, akiba unayoitangaza haipo, na mteja ataigundua siku mzigo utakapomfikia, wakati ambao kwako ni mbaya kuliko wote. Andika saizi au urefu pembeni ya kila bei. Tutauhitaji baadaye.

Kuna vitu ambavyo havijawahi kuuzwa peke yake, kwa mfano pochi ya kubebea iliyoshonwa kwa ajili ya seti hiyo tu. Kitu cha namna hiyo hakina bei ya kulinganisha. Wauzaji hupenda kukibandika namba ("pochi yenye thamani ya 15"), na hapo hesabu nzima inageuka ya kubuni. Kitaje kama nyongeza, kiache nje ya hesabu. Akiba itapungua kidogo kwenye karatasi, lakini kila namba itakayobaki mteja anaweza kuihakiki.

Hatua ya 2: Piga hesabu, na ugawanye kwa namba inayostahili

Jumla ya vitu vinne ni 110. Seti ni 88. Tofauti ni 22.

Ile 25% ilitoka wapi? Muuzaji alichukua 22 akaigawanya kwa 88. Lakini punguzo hupimwa kutoka kwenye bei ambayo mteja angelipa bila ofa, yaani 110. Kwa hiyo ni 22 gawanya kwa 110, sawa na asilimia 20. Kugawanya kwa bei ya seti kunakupa jibu la swali jingine, yaani vitu vya kimoja kimoja ni ghali kwa asilimia ngapi kuliko seti, na jibu hilo daima huwa kubwa zaidi. Ndiyo maana kosa hili halimshtui anayelifanya: linampendelea. Mimi mwenyewe niliwahi kulipitisha kwenye maelezo ya mteja wangu mmoja, na aliyelikamata ni mnunuzi aliyeandika mstari mmoja tu: "110 toa robo si 88." Robo ya 110 ni 27.5, kwa hiyo seti ingetakiwa kuuzwa 82.5. Hatukuwa na la kujibu.

Namba ikitoka na desimali, shusha, usipandishe. Asilimia 18.7 iandike 18. Anayehesabu akute umempa zaidi ya ulichoahidi.

Kama una vifurushi vingi, weka hesabu kwenye lahajedwali ili bei ya kitu ikibadilika akiba ibadilike yenyewe. Bei za vitu zikiwa B2 hadi B5 na bei ya seti ikiwa B7:

```
B6: =SUM(B2:B5)
B8: =B6-B7
B9: =ROUNDDOWN(B8/B6*100,0)
```

B6 ni jumla ya kimoja kimoja, B8 ni kiasi kinachookolewa, B9 ni asilimia iliyoshushwa.

Hatua ya 3: Jua nani anaokoa na nani haokoi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na ndipo wengi huruka.

Akiba ya 22 ni ya mtu anayehitaji vitu vyote vinne. Je, mnunuzi wako ni huyo? Mwenye simu karibu kila mara ana kebo ya kuchajia nyumbani. Kwake ulinganisho si 110 dhidi ya 88. Angenunua stendi, taa na maikrofoni kwa 100. Akichukua seti anaokoa 12, na kebo anabaki nayo ya ziada. Bado inamlipa.

Sasa chukua mtu ambaye tayari ana maikrofoni. Stendi, taa na kebo ni 85. Seti inamgharimu 3 zaidi. Hapo kuna namna mbili za kuliona. Hajaokoa chochote, huo ndio ukweli. Lakini pia, kwa kuongeza 3 anapata maikrofoni inayouzwa 25, na kama anamjua mtu wa kumpa, au anataka ya akiba, sentensi hiyo moja inaweza kumshawishi kuliko asilimia yoyote. Muuzaji asiyepiga hesabu hii hajui hata kama ana sentensi hiyo.

Wa mwisho ni anayetaka stendi na taa tu. Hizo ni 75. Seti ni hasara kwake ya 13. Huyu usimvute. Akinunua kwa kudhani ameokoa 22, atakuja kupiga hesabu siku vitu viwili vitakapokuwa vimelala kwenye droo, na hapo utapata maombi ya kurudisha nusu ya seti.

Andika hesabu hizi kwenye karatasi yako hata kama si zote zitaingia kwenye maelezo. Kwa kawaida mimi huweka mbili: ile ya mtu ambaye tayari ana kitu cha bei ndogo lakini bado anaokoa, na ile ya asiyefaa kununua seti kabisa. Hiyo ya pili wauzaji huigomea. "Unamfukuzaje mteja?" Simfukuzi, namwelekeza kwenye vitu viwili vya 75 ambavyo pia ni vya kwako. Na anayehitaji vitu vitatu au vinne, akisoma kwamba umekuwa mkweli kwa mwingine, hana haja tena ya kwenda kuhakiki zile bei.

Hatua ya 4: Chagua maneno ambayo Kiswahili hakitayageuza

Sehemu hii huharibika hasa kwa wanaotafsiri maelezo kutoka lugha nyingine, lakini hata wanaoandika Kiswahili moja kwa moja hunaswa.

La kwanza ni "bei ya jumla". Mtu anataka kusema vitu vinne vikijumlishwa ni 110, anaandika "Bei ya jumla: 110". Msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba hiyo ni bei ya wanaonunua kwa wingi kwenda kuuza tena, kinyume cha rejareja. Sasa anajiuliza kwa nini bei ya jumla ni kubwa kuliko 88. Andika "ukinunua kimoja kimoja: 110". Ni ndefu kidogo, lakini haina maana mbili. "Jumla ya bei zote" inaweza kupita, ingawa inapungukiwa: haimwambii msomaji kwamba hiyo ni njia nyingine ya kununua, ambayo bado iko wazi kwake.

La pili ni "hifadhi". "Hifadhi 20%" ni alama ya tafsiri ya mashine. Kuhifadhi ni kutunza kitu mahali, kama faili au nafaka. Anayelipa kidogo kuliko kawaida anaokoa fedha. Andika "unaokoa 22".

Halafu kuna "punguzo la 20". La nini? La asilimia 20 au la 20 za fedha? Kwenye seti yetu majibu hayo mawili yanakaribiana, 22 na 20, kwa hiyo mkanganyiko hautagundulika haraka, jambo ambalo ni baya zaidi. Kila namba ya akiba iambatane na jina la sarafu au neno asilimia, hata pale unapodhani linajulikana.

Ondoa "hadi" kama seti ni moja na bei ni moja. "Hadi 20%" humaanisha kuna watakaopata chini ya hapo, na mnunuzi mwerevu hudhani ni yeye. Neno hilo lina kazi pale tu ambapo kifurushi kina chaguo zenye akiba tofauti, kwa mfano taa kubwa au ndogo, na hata hapo ningependelea kuandika akiba ya kila chaguo.

"Thamani ya 110" nayo iondoke. Thamani ni maoni, bei ni kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukiona. Na "kebo bure" usiiandike ikiwa tayari umeijumlisha ile 10 kwenye 110, maana utakuwa umeihesabu akiba hiyohiyo mara mbili: mara moja ndani ya 22, mara nyingine kama zawadi. Chagua moja. Ama kebo ni sehemu ya seti yenye bei yake, ama ni zawadi na ulinganisho unabaki 100 dhidi ya 88.

Kuhusu kuchagua kati ya kiasi na asilimia, mimi hutanguliza kiasi. Mteja akiona 110, 88 na 22 karibu karibu, anahakiki kwa jicho. Asilimia humtaka agawanye. Iweke baada ya kiasi kama unaitaka, isisimame peke yake.

Hatua ya 5: Andika upya

Sentensi ya kwanza ibebe vitu vitatu: ni nini, bei ya seti, na bei ya kimoja kimoja. Si ya pili wala ya tatu. Kwenye simu, maelezo mengi hukatwa baada ya mistari michache, na kinachobaki kinafichwa nyuma ya kitufe cha kufungua zaidi. Kama akiba iko mstari wa tano, kwa wengi haipo.

Baada ya hapo panga orodha ya bei, kitu kimoja kila mstari, kipimo chake pembeni, kuanzia cha bei kubwa kwenda kidogo. Mpangilio huo una sababu. Mwaka 2012 watafiti Aaron Brough na Alexander Chernev walionyesha kwamba kitu cha bei ya chini kikiunganishwa na cha bei ya juu, watu wanaweza kukithamini kifurushi kizima chini ya kile cha bei ya juu kikiwa peke yake. Kebo ya 10 ikitajwa kwanza, au ikipewa uzito sawa na stendi kwenye kichwa cha habari, inashusha macho ya msomaji kabla hajafika kwenye vitu vya maana. Na kama kitu kidogo hakina uhusiano na vingine, kama kalamu kwenye seti ya kurekodia, jiulize kwa nini kimo. Mara nyingi jibu ni kwamba kimekosa wanunuzi mahali pengine.

Maelezo mapya haya hapa:

> Seti ya kurekodia video kwa simu: vitu vinne kwa 88, badala ya 110 ukinunua kimoja kimoja.
>
> Stendi ya simu, inafika mita 1.5: 40
> Taa ya duara, sentimita 26: 35
> Maikrofoni ya kubana kwenye kola, waya mita 2: 25
> Kebo ya kuchajia, mita 1: 10
>
> Ukinunua kimoja kimoja: 110
> Ukinunua seti: 88
> Unaokoa: 22 (asilimia 20)
>
> Bei za kimoja kimoja ni zile tunazouzia leo kwenye kurasa za vitu hivi. Kama kebo unayo tayari, seti bado inakuokolea 12. Kama unahitaji stendi na taa tu, zinunue peke yake kwa 75.

Linganisha na ya mwanzo. Maneno ya kusifia yametoka yote, na hakuna aliyeyakumbuka. "Imara" imegeuka kuwa urefu unaopimika. "Wahi sasa" imeondoka kwa sababu ofa haikuwa na tarehe ya mwisho. Ingekuwa nayo, ningeandika tarehe.

Umbo lake nalo nieleze. Sikuchora jedwali lenye safu nyingi, kwa sababu kwenye kioo chembamba cha simu safu za kulia hukatika au hulazimisha mtu kusukuma kwa kidole, na safu ya kulia ndiyo yenye bei. Mistari mifupi inayoshuka haina tatizo hilo.

Sikutegemea pia bei iliyokatwa mstari. Ile ~~110~~ 88 inapendeza kwenye ukurasa, lakini mtu akiinakili na kumtumia mwenzake kwa ujumbe, mara nyingi mkato hupotea na zinabaki "110 88", namba mbili zisizoeleweka. Programu nyingi za kuwasomea wasioona nazo kwa kawaida hazitamki mkato huo, kwa hiyo msikilizaji husikia bei mbili bila kujua ipi ni ipi. Ukitaka kukata, kata, lakini maneno "ukinunua kimoja kimoja" yawepo pia.

Hatua ya 6: Kitu kimoja kikishushwa bei, maelezo yote yameharibika

Tuseme mwezi ujao unataka kumaliza taa zilizobaki, unazishusha kutoka 35 hadi 20. Hukugusa seti. Angalia kilichotokea: vitu vinne sasa ni 95. Akiba imeshuka kutoka 22 hadi 7, yaani asilimia 7 tu, ilhali ukurasa bado unasema 20. Na yule mwenye kebo yake? Stendi, taa na maikrofoni sasa ni 85. Seti ni ghali kwake kwa 3, wakati maelezo yanamwambia anaokoa 12. Kifurushi kimegeuka adhabu kwa aliyekuamini.

Hili hutokea kimya kimya. Anayebadilisha bei ya taa huenda si yule aliyeandika maelezo ya seti. Dawa yake ni ya kizamani: kwenye kumbukumbu za kila kitu, andika vifurushi ambamo kimo, na yeyote anayegusa bei ya kitu hicho afungue pia kurasa za vifurushi hivyo kabla ya kuondoka.

Ukishaona tofauti, una njia mbili. Unaweza kuacha seti 88 na kusema ukweli mpya, kwamba inaokoa 7, ingawa sioni atakayesisimka. Au unashusha seti kwa kiwango kilekile cha asilimia 20: 95 inakuwa 76, na akiba ni 19.

Usichoweza kufanya ni kujumlisha ile 15 ya taa ndani ya akiba ya seti na kutangaza kwamba anayelipa 76 anaokoa 34. Punguzo la taa anapewa kila mtu, hata anayenunua taa peke yake. Zitenganishe: "Taa sasa ni 20, ilikuwa 35. Ukichukua seti unaokoa 19 zaidi." Utafiti wa Manjit Yadav na Kent Monroe wa mwaka 1993 uliangalia akiba hizi mbili kila moja kwa upande wake, na ile ya nyongeza inayotokana na kununua kifurushi ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi machoni pa wanunuzi kuliko punguzo la kitu kimoja kimoja. Kwa hiyo kuzichanganya hakukusaidii hata kama ungeamua kufunga macho kuhusu ukweli.

Kumbuka kwamba mara tu unapoandika "ilikuwa 35" umeingia eneo lenye sheria. Katika Umoja wa Ulaya, anayetangaza kwamba bei imeshushwa anatakiwa kuonyesha bei ya awali, nayo kwa kawaida ni ile ya chini kabisa aliyoitumia ndani ya siku 30 kabla ya kushusha. Nchini Marekani, mwongozo wa tume ya biashara ya FTC unataka bei ya zamani iwe ile ambayo kitu kiliuzwa nayo kweli kweli kwa umma, kwa muda wa kutosha, si namba iliyopandishwa ili ishushwe. Ulinganisho wa kifurushi chetu wa mwanzo ulikuwa mwepesi zaidi: bei ya leo ya kimoja kimoja dhidi ya bei ya leo ya seti, zote mbili zikiwa wazi kwa mnunuzi dakika hiyohiyo. Ndiyo maana napendelea kubaki hapo ninapoweza.

Hatua ya 7: Usafirishaji na marejesho

Gharama ya kusafirisha iache nje ya ile 22. Kama unatoza kwa kila oda, anayenunua vitu vinne kwa oda moja analipa sawa na wa seti, kwa hiyo hakuna akiba ya kutangaza. Kama unatoza kwa kila kitu, basi seti inaokoa zaidi, nawe unaweza kuongeza mstari wake peke yake. Tatizo huja pale seti inapovuka uzito fulani na kutozwa zaidi. Weka vitu hivyo kwenye kikapu chako mwenyewe, njia zote mbili, na ulinganishe kiasi cha mwisho kabisa kabla ya kulipa. Mteja huona namba hiyo, si ya kwenye maelezo.

Marejesho yanahitaji sentensi moja. Mtu akirudisha maikrofoni kutoka kwenye seti, anarudishiwa ngapi? Si 25, kwa sababu hakulipa 25. Ukigawa punguzo sawasawa, kila kitu kimeuzwa kwa asilimia 80 ya bei yake: stendi 32, taa 28, maikrofoni 20, kebo 8. Jumlisha, utapata 88. Kwa hiyo anarudishiwa 20. Andika: "Ukirudisha kitu kimoja, unarejeshewa bei yake ikiwa imetolewa punguzo la seti." Kama umeamua seti hairudishwi nusu nusu, na sheria za kwako zinaruhusu, sema hivyo palepale chini ya bei.

Hatua ya 8: Mpe mtu asiyehusika asome

Mwonyeshe maelezo mtu ambaye hajui bidhaa zako, kwenye simu, si kwenye kompyuta. Mpe sekunde kumi, kisha ichukue simu na umuulize: "Ukinunua seti badala ya kimoja kimoja, unaokoa kiasi gani?" Akijibu 22, sawa. Akijibu "kama asilimia ishirini hivi", kiasi hakijasimama vya kutosha, kisogeze juu. Akijibu 88, ameona bei moja tu, na tatizo liko kwenye sentensi ya kwanza. Akiuliza "hizo 110 ni za nini?", rudi hatua ya 4.

Muulize na la pili: "Nani asinunue hii?" Aliyesoma maelezo ya mwanzo hawezi kulijibu. Aliyesoma mapya anatakiwa aseme ni mtu anayetaka stendi na taa tu.